LQR, LQG au LTR: ipi inakuachia akiba kweli, na ile ahadi ya nyuzi 60 inaishia wapi

Wakuu, kuna swali linarudi kila mara kwa watu wa udhibiti wa mitambo: nitumie LQR yenyewe, yaani kontrola inayotafuta amri yenye gharama ndogo, na nipime hali zote, au niweke sensa moja na filta ya Kalman ikadirie hali zisizopimwa, iwe LQG, au nichukue ile LQG niirekebishe mpaka ifanane na LQR, yaani LTR? Wengi wanachagua wakiwa na sentensi moja kichwani, kwamba LQR ina akiba ya geini isiyo na mwisho na akiba ya fezi ya nyuzi 60. Sentensi yenyewe ni kweli kabisa, imethibitishwa kwa hesabu. Shida ni kwamba ina masharti, na sharti moja likianguka unaweza kubaki na akiba ya asilimia 1. Sijakosea kuandika, asilimia moja.

Kwa hiyo nitachukua mtambo mmoja tu, mdogo, nikaupitisha kwenye njia zote tatu, namba zote unaweza kuzihakiki kwa kalamu na karatasi.

Kwanza tuelewane akiba ni nini hapa. Kontrola unaitengeneza kwa kutumia modeli, lakini mota halisi haiko sawasawa na modeli. Ukiamuru volti fulani labda inatoa nguvu mara 1.2 ya ulivyodhani, au mara 0.8. Hiyo namba tuiite `m`, ambapo m = 1 maana yake modeli na mtambo wanakubaliana. Akiba ya geini ni `m` inaweza kupanda au kushuka kiasi gani kabla mtambo haujaanza kukukimbia. Akiba ya fezi ni hivyo hivyo, ila kinachobadilika ni kuchelewa kwa wimbi na sio ukubwa wake.

Kwa nini 60, na kwa nini isiyo na mwisho

LQR inatafuta amri `u = -Kx` inayopunguza gharama ya `∫(x'Qx + u'Ru)dt`, ambapo `x` ni hali za mtambo, `Q` na `R` ni uzito wa hali na wa amri, na kwenye modeli `A` ni jinsi hali zinavyokwenda zenyewe na `B` ni jinsi amri inavyoingia. Unatatua mlinganyo wa Riccati, unapata `P`, halafu `K = R⁻¹B'P`. Hapo hakuna mahali popote ulipoomba akiba, umeomba gharama ndogo tu. Akiba inakuja yenyewe, na aliyeonyesha inatokea wapi ni Rudolf Kalman mwaka 1964.

Alichofanya ni kuuchukua ule mlinganyo wa Riccati akaupeleka upande wa masafa. Kwa mtambo wa ingizo moja na R = 1, ukiandika `L` kuwa ni mzunguko wote wa mrejesho uliokatwa pale ingizo linapoingia mtamboni, na ukaandika Q = H'H, unapata hivi:

```
L(s) = K (sI - A)⁻¹ B
|1 + L(jω)|² = 1 + |H (jωI - A)⁻¹ B|²
```

Angalia upande wa kulia. Ni moja kujumlisha kitu kilichopigiwa mraba, hakiwezi kuwa hasi. Basi `|1 + L|` haiwezi kushuka chini ya 1, kwa masafa yoyote yale. Na `|1 + L|` ni umbali kutoka kwenye mchoro wa Nyquist, yaani mchoro wa `L` kwa masafa yote, hadi ile nukta ya hatari, -1. Yaani kuna duara lenye kitovu -1 na nusu kipenyo 1 ambalo mchoro wako haukanyagi ndani kamwe. Mambo yote yanatoka kwenye hilo duara.

Chukua geini kwanza. Duara hilo linafunika mstari wa namba halisi kuanzia -2 mpaka 0. Geini ikibadilika kwa `m`, ni sawa na kuihamisha nukta ya hatari kutoka -1 kwenda -1/m. Ukiongeza `m` kutoka 1 kwenda 10, kwenda elfu, kwenda milioni, nukta inasogea kuelekea sifuri ila haitoki ndani ya duara. Ukipunguza `m` hadi nusu, nukta inafika -2, ukingoni. Kwa hiyo kati ya nusu na isiyo na mwisho nukta iko ndani ya eneo ambalo mchoro haufiki, idadi ya mizunguko kuizunguka haibadiliki, na uthabiti haupotei. Ndo hapo "isiyo na mwisho" inapotokea, pamoja na ile nusu ya upande wa chini ambayo watu wanaisahau.

Fezi sasa, na hii mi naipenda kuliko yote. Akiba ya fezi inapimwa pale mchoro unapokatiza duara lingine, lile lenye kitovu sifuri na nusu kipenyo 1, maana hapo ukubwa wa `L` ni 1. Mahali pa hatari zaidi mchoro unapoweza kukatiza ni pale maduara mawili yanapokutana. Sasa chora pembetatu: sifuri, -1, na hiyo nukta ya makutano. Kutoka sifuri hadi -1 ni 1, kutoka sifuri hadi makutano ni 1 kwa sababu iko kwenye duara la kwanza, kutoka -1 hadi makutano ni 1 kwa sababu iko kwenye duara la pili. Pande zote tatu sawa, pembe ni nyuzi 60. Basi. Sio namba iliyookotwa kwenye majaribio.

Ila soma vizuri ahadi inasema nini. Inasema geini peke yake, *au* fezi peke yake. Ukishatumia nyuzi zako 60 zote usitegemee bado una geini ya kuchezea, uko ukingoni tayari. Na ahadi inahusu kukata mzunguko pale kwenye ingizo la mtambo, sio kwenye sensa, na haisemi chochote kuhusu namba iliyokosewa ndani ya `A`.

Mtambo wetu

Huu ni mfano aliouchapisha John Doyle mwaka 1978, nitautumia kwa sababu hesabu zake zinatoka safi:

```
A = [1 1; 0 1]   B = [0; 1]   C = [1 0]
Q = 60·[1 1; 1 1]   R = 1
```

Una hali mbili, zote zinakimbia zenyewe usipozishika, na sensa moja inayoona hali ya kwanza tu. Kutoka kwenye amri hadi kwenye sensa ni `1/(s-1)²`.

Njia ya kwanza: LQR, hali zote zinapimwa

Ukitatua Riccati unapata `K = [10 10]`. Mzunguko wa mrejesho ni `L = 10s/(s-1)²`, na ukiweka `m` mlinganyo wa mfumo uliofungwa ni

```
s² + (10m - 2)s + 1 = 0
```

Thabiti ili mradi m ni zaidi ya 0.2. Juu hakuna kikomo. Ahadi ilikuwa nusu, hapa tumepata hadi 0.2, bora zaidi. Fezi nayo: ukubwa wa `L` unafika 1 kwenye ω ya karibu 9.9, na hapo akiba ni nyuzi 78 na nusu hivi. Ahadi 60, tumepewa 78. Ukitaka kuhakiki ile kanuni ya Kalman, hapa `|1+L|²` inatoka `1 + 60ω²/(1+ω²)²`, haishuki chini ya 1 hata kidogo.

Gharama yake ni sensa mbili. Na kelele ya sensa inapita moja kwa moja hadi kwenye mota ikiwa imezidishwa mara 10, hakuna cha kuichuja njiani.

Njia ya pili: LQG, sensa moja na filta ya Kalman

Hapa ndo watu wengi wanaishia, kwa sababu sensa ni hela, na hali nyingine hazipimiki kirahisi. Unaweka filta inayokadiria hali ya pili, kisha unaitumia `K` ile ile juu ya makadirio. Kanuni ya utenganisho inakwambia kontrola na filta unaweza kuvitengeneza mbalimbali, ukiviunganisha mfumo ni thabiti na gharama ya wastani ndo ndogo kuliko zote. Kweli kabisa. Na filta yenyewe peke yake ina akiba nzuri kama ya LQR, upande wa sensa. Sasa mtu anasema, hiki kizuri na hiki kizuri, nikiviunganisha nitapata kizuri.

Tuone. Kelele ya mtambo inaingia kupitia `[1; 1]` ikiwa na nguvu 60, kelele ya sensa nguvu 1. Filta inatoka `[10; 10]`. Weka `m` kwenye mota, funga mzunguko, mlinganyo ni huu:

```
s⁴ + 16s³ + 66s² + (16 + 200(m-1))s + (1 - 100(m-1)) = 0
```

Angalia namba ya mwisho. Ikiwa m ni zaidi ya 1.01 inakuwa hasi, na mlinganyo wenye namba hasi hapo hauwezi kuwa thabiti. Mota yako ikiwa na nguvu asilimia 2 zaidi ya ulivyodhani, imekwisha. Upande wa chini ukipiga hesabu ya Routh kikomo ni karibu 0.93. Yaani kutoka "0.2 hadi isiyo na mwisho" umeenda kwenye "0.93 hadi 1.01", kwa mtambo ule ule, `K` ile ile, na gharama ile ile uliyoipunguza kwa uaminifu wote. Hakuna mota wala kikuza umeme ninachokijua kinachotoka kiwandani kikakaa ndani ya asilimia moja na kikabaki hapo kikipata joto.

Ukitaka kuona mwenyewe:

```python
import numpy as np
for m in [0.92, 0.94, 1.0, 1.005, 1.02]:
    r = np.roots([1, 16, 66, 16+200*(m-1), 1-100*(m-1)])
    print(m, r.real.max())
```

Namba ikiwa chanya mfumo umekimbia. Kwa 0.92 na 1.02 itakuwa chanya.

Na 60 haina uchawi wowote. Ukipandisha nguvu zile mbili za gharama na kelele, lile dirisha linazidi kufinyika, unaweza kulifanya dogo utakavyo. Ndo maana makala ya Doyle, ambayo kichwa chake kinataja akiba zilizohakikishwa za LQG, ina muhtasari wa maneno matatu tu ya Kiingereza yenye maana ya "hakuna hata moja".

Kwa nini lakini? Hapa tutulie, maana ukishaelewa hili kuchagua kunakuwa rahisi. Kwenye LQR, mota ikizidisha nguvu, matokeo yanaonekana kwenye hali halisi, na `K` inasoma hali halisi, kwa hiyo inajirekebisha papo hapo. Kwenye LQG `K` inasoma makadirio. Filta inaambiwa "tumetuma amri u", na yenyewe inaamini `u` imefika mtamboni vile vile ilivyo. Mota ikitoa `m` mara `u`, filta haijui, inaendelea kuhesabu kwa m = 1. Makadirio yanaachana na ukweli, na amri inayofuata inatolewa kwa kuangalia kitu ambacho hakipo. Na hapa filta inaamini pia kwamba usumbufu wa mtambo unaingia kupitia `[1; 1]`, wakati kosa la mota linaingia kupitia `[0; 1]`. Ni mlango tofauti, kwa hiyo ikiona tofauti kwenye sensa inaisingizia sababu nyingine.

Kwa lugha ya duara letu: LQR haisogei karibu na -1 zaidi ya umbali wa 1. LQG hii, kwenye masafa ya sifuri, `L` yake ni -100/101. Umbali hadi -1 ni 1/101. Duara limefutika kabisa.

Kuna mtego mmoja hapa na mi mwenyewe ulinipotezea siku kadhaa. Unapojaribu kwenye kompyuta, `m` iweke kwenye mtambo *tu*. Ukibadilisha `B` sehemu moja ya programu na filta nayo inatumia `B` hiyo hiyo, umeipa filta taarifa za siri ambazo kwenye maisha halisi haina. Kwa mtambo huu utaona thabiti kuanzia 0.2 kwenda juu bila kikomo, sawasawa na LQR, utafurahi, halafu utaenda kwenye kifaa chenyewe ukashangaa. Mtambo uwe na `B` yake na filta iwe na `B` yake, majina tofauti.

Njia ya tatu: LTR, LQG iliyofundishwa kutoiamini modeli

Doyle na Gunter Stein hawakuishia kwenye habari mbaya, mwaka 1979 walionyesha njia ya kurudisha akiba. Wazo linatoka moja kwa moja kwenye tatizo nililoeleza hapo juu: kama shida ni kwamba filta haitegemei kosa kupitia mlango wa mota, basi idanganye. Iambie kuna kelele kubwa inaingia kupitia `B`. Ni kelele ya kubuni, haipo, lakini filta ikiisikia inaanza kuisikiliza sensa zaidi kuliko modeli, na hasa kwenye mwelekeo ule ule ambao kosa la mota linapitia.

Kwa mtambo wetu nimeiondoa ile kelele ya `[1; 1]` nikaweka badala yake kelele ya kubuni kupitia `[0; 1]`, sensa imebaki na nguvu 1, `K` imebaki `[10 10]`. Nguvu ya kelele ikiwa 39,600 filta inatoka `[22; 220]`, na mfumo uko thabiti kwa m kati ya 0.345 na 1.90. Ukipandisha hadi 24,990,000, filta inakuwa `[102; 5100]` na dirisha ni 0.23 hadi 5.9. Unaona linavyorudi taratibu kwenye LQR. Ukiendelea kupandisha litaendelea kufunguka.

Bei yake iko kwenye kelele ya sensa. Kwenye masafa ya juu, kontrola ya LQG ya kwanza inapitisha kelele kwa kiwango cha 200/s. LTR ya kwanza ni 2420/s, mara 12. Ya pili ni 52,020/s, mara 260. Hiyo kelele inaenda kwenye mota, mota inalia, inapata joto, gia zinaliwa. Kwa hiyo hupandishi mpaka ukomo, unapandisha mpaka akiba iwe inatosha kazi yako halafu unaacha.

Ikae hivi pamoja:

| | LQR | LQG | LTR 39,600 | LTR 24,990,000 |
|---|---|---|---|---|
| Sensa | 2 | 1 | 1 | 1 |
| m ya chini | 0.2 | 0.93 | 0.345 | 0.23 |
| m ya juu | haina | 1.01 | 1.90 | 5.9 |
| Kelele masafa ya juu | 10, haichujwi | 200/s | 2420/s | 52,020/s |

LTR nayo ina mahali inakataa. Inafanya kazi kwa kuigeuza filta iwe kama kinyume cha mtambo, sasa kama mtambo una sifuri upande wa kulia, yaani ni ule unaoanza kwa kwenda nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele ulikouamuru, kinyume chake hakina uthabiti na hutapata akiba yote ya LQR hata upandishe kelele hadi kesho. Mtambo wetu hauna sifuri kabisa, ndo maana umekubali vizuri.

Hata LQR yenyewe, hali zote zikiwa zinapimwa

Hii sehemu inaniuma kwa sababu watu wanadhani wakishanunua sensa zote wamemaliza. Rudi kwenye `L`. Kwenye masafa makubwa LQR inakuwa `KB/s` kila mara, hapa 10/s, inashuka desibeli 20 tu kila masafa yakizidi mara kumi na inachelewesha fezi nyuzi 90 tu. Akiba isiyo na mwisho inategemea kwamba hali hiyo inaendelea milele. Kitu halisi hakiko hivyo. Mota ina uvivu wake, waya unapinda, kompyuta inachukua muda kuhesabu.

Weka ucheleweshaji wa sekunde 0.05 kwenye mtambo wetu, kitu cha kawaida kabisa ukiwa na kamera au mtandao katikati. Fezi inafika -180 kwenye ω ya karibu 30, na hapo ukubwa wa `L` ni karibu 0.33. Maana yake `m` ya juu sasa ni 3 hivi. Kutoka isiyo na mwisho hadi 3, kwa sekunde 0.05. Na ukiacha m = 1 ukaongeza ucheleweshaji, unaishia sekunde 0.138: ni ile fezi ya nyuzi 78.5, ambayo ni radiani 1.37, gawanya kwa 9.9. Hesabu hii ifanye kila mara kabla hujaamini kitu. Fezi kwa radiani gawanya kwa masafa ambapo ukubwa ni 1, unapata sekunde ulizonazo. Utaona kwamba LQR yenye `R` ndogo sana, inayokimbiza mambo, masafa hayo yanapanda, na sekunde zinapungua ingawa nyuzi bado ni 60 au zaidi. Nyuzi 60 kwenye masafa 10 ni sekunde 0.105. Nyuzi 60 kwenye masafa 1000 ni sekunde 0.00105.

Kuna mengine nitayataja haraka. Ukitengeneza LQR ya kidijitali, duara linapungua: nusu kipenyo sio 1 tena bali ni mzizi wa `R/(R + B'PB)`, kwa hiyo sampuli zikiwa za polepole ahadi inakuwa ndogo kweli na ile isiyo na mwisho inakufa. Ukiweka kwenye gharama kipande kinachozidisha `x` kwa `u`, ule upande wa kulia wa kanuni ya Kalman unaweza kushuka chini ya 1, na ahadi haipo. Na kwa mtambo wa maingizo mengi, Safonov na Athans mwaka 1977 walionyesha ahadi inashika kwa kila ingizo ikiwa `R` ni ya mshazari tu. Ukijaza namba pembeni akiba inaweza kuwa ndogo kiasi chochote.

Basi nichague ipi

Kama hali zote zinapimika kwa sensa nzuri na ucheleweshaji wako ni mdogo ukilinganisha na zile sekunde tulizohesabu, chukua LQR usitazame nyuma. Ile ya pili, LQG tupu, mi naitumia pale tu ninapoijua mota vizuri na nimeshachora `|1 + L|` nikaona haishuki sana. Usiikatae kwa jina lake tu, kuna mitambo mingi ambapo LQG inatoka na akiba nzuri sana. Doyle hakusema ni mbaya siku zote, alisema hakuna anayekuhakikishia. Hiyo `|1 + L|` ikishuka chini ya 0.5 hivi mi naanza kuweka kelele ya kubuni kupitia `B`, nikipandisha mara kumi kumi, kila hatua naangalia vitu viwili: umbali hadi -1 na kelele inayofika kwenye mota. Mara nyingi hatua mbili tatu za kwanza ndo zinaleta faida kubwa, baada ya hapo unalipa kelele nyingi kwa akiba kidogo.

Na mtambo ukiwa na sifuri upande wa kulia, badala ya kuhangaika na LTR punguza kasi unayoidai, ongeza `R`, au tafuta mahali pengine pa kuweka sensa. Kuhamisha sensa kunaweza kuiondoa hiyo sifuri kabisa, kitu ambacho hakuna filta itakufanyia.

Umbali mdogo kabisa hadi -1 unaupata kwa mistari michache, huu ni wa ile LQG ya mwanzo:

```python
w = np.logspace(-3, 3, 5000)
p = 1j*w - 1
L = 100*(2*p + 1)/(p**2*(p**2 + 20*p + 120))
print(abs(1 + L).min())
```

Utapata karibu 0.0099. Weka `L = 10*(p + 1)/p**2` ya LQR mahali pake, itatoka 1.0000 na kidogo, haitashuka zaidi.